Maganda ya Kahawa Hayakupaswa Kuguswa na Maji

Mtambo ule uliharibika siku ulipochorwa mfereji wa kupeleka maganda kwenye mashimo ya mboji. Mliofika kituoni msimu huu mmeuona: kahawa mbivu inaingia juu, mashine inamenya, punje zinakwenda kwenye matangi ya kuvundikia, na maganda yanasombwa na maji mpaka bondeni kulikochimbwa mashimo. Waliochora waliona mteremko upo na maji ya bure yapo, wakaona wameokoa bei ya parafujo ya kusukumia maganda. Nasema wazi kwamba uamuzi huo umeutia mradi hasara kubwa kuliko mengine yote yaliyofanyika pale. Uchambuzi wa kahawa mbivu ni mzuri, vichanja vya kuanikia ni vizuri, na wafanyakazi wanajua kazi. Narudi kwenye mfereji.

Ganda bichi la kahawa ni maji kwa takriban asilimia 80 ya uzito wake. Kilichobaki ndicho tunachokitafuta: nyuzi, sukari, pektini, nitrojeni kiasi na potasiamu nyingi. Likiwa zima, mali hiyo imefungwa ndani. Likishachanwa na mashine, sukari na potasiamu ziko wazi na huyeyuka upesi. Ukilitumbukiza kwenye mfereji, unachofanya ni kuliosha. Likifika shimoni limebaki nyuzi zilizolowa, na utajiri wake umo kwenye maji yanayochuruzika kuelekea kijitoni. Huko sukari ile huliwa na bakteria, nao huitumia oksijeni ya maji mpaka samaki na wadudu wanakosa pumzi. Maji yanageuka kahawia, yanatoa povu na kunuka uchachu. Mradi ulioanzishwa ili kuokoa kijito unakichafua kwa njia ndefu zaidi.

Tupige hesabu ndogo kwa mboji yenyewe. Chukua kituo kinachopokea tani 10 za kahawa mbivu kwa siku. Maganda ni takriban asilimia 40 ya uzito huo, yaani tani 4. Yakiwa na maji asilimia 80, ndani yake mna kilo 800 za mali kavu na kilo 3,200 za maji. Rundo la mboji linafanya kazi vizuri likiwa na maji karibu asilimia 60, kwa hiyo tunapaswa kuondoa kilo 2,000 za maji, ama kwa kukausha ama kwa kuchanganya na kitu kikavu. Sasa tuseme mfereji umeyapandisha maganda hadi asilimia 86 tu, na tusamehe kwamba hakuna hata kilo moja iliyoyeyuka njiani. Kilo zile 800 sasa zimo ndani ya mzigo wa kilo 5,700, na maji ya kuondoa ni kilo 3,700. Asilimia sita zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini kazi imekuwa karibu mara mbili, kila siku ya msimu.

Ndiyo maana mashimo yale yananuka. Matundu ya hewa yakijaa maji, vijidudu vinavyopenda hewa hufa na nafasi yao huchukuliwa na vile vya uvundo. Huhitaji maabara kulitambua hilo. Chota maganda kutoka katikati ya rundo, uyakamue kwa ngumi moja: yakitoa tone moja mbili kati ya vidole, hali ni nzuri, yakimwaga mchirizi, rundo limezama. Kisha chomeka nondo hadi katikati, iache kwa robo saa, uichomoe na kuishika. Rundo lililo hai hupanda hadi nyuzijoto 55 au 60, na nondo huwa ya moto kiasi cha kukufanya uiachie. Ya pale kituoni ilitoka vuguvugu, imepakaa ute mweusi, na inzi wakaifuata.

Nimeambiwa na waliotetea mchoro kwamba maji yatazungushwa na kutumika tena. Hoja hii naisikia tangu zamani na sijawahi kuikubali. Kila mzunguko huongeza sukari, na maji yakilala usiku mmoja yanachacha. Asubuhi yakirudishwa kwenye mashine yanaigusa kahawa, na ladha ya uchachu inaingia kwenye punje zilizochumwa kwa uangalifu. Siku ya kuyabadilisha ikifika, yanamwagwa yote kwa mkupuo. Kuzungusha maji kunapunguza kiasi cha maji yanayotumika. Sukari ni ileile.

Jibu la swali hili lilipatikana zamani. Wahandisi wa Cenicafé, kituo cha utafiti wa kahawa cha Kolombia, walilifanyia kazi na katika miaka ya 1990 wakatoa mfumo wa Becolsub. Walionyesha kwamba mashine inaweza kumenya bila maji na kahawa isipungue ubora. Maganda waliyaondoa kwa parafujo badala ya mfereji, na hatua hiyo peke yake ikazuia karibu robo tatu ya uchafuzi wote. Ulenda nao waliuondoa kwa mashine na kuuchanganya na maganda yaleyale, hata uchafuzi uliozuiwa ukapita asilimia 90. Maji yakashuka kutoka takriban lita 40 kwa kila kilo ya kahawa kavu yenye ngozi hadi chini ya lita moja. Walianza kwa kuuliza maganda yaondokeje, na mashine ikafuata jibu. Siku hizi wengi wetu tunanunua mashine kwanza.

Kanuni hiyohiyo imewafaa waliokuwa Ibadan, Nijeria, kwenye maganda ya muhogo. Watafiti wa huko hawakuyaacha juani siku mbili tatu mpaka yaote ukungu. Waliyakwangua, wakayakamua kwa jeki, wakayachambua, ndipo wakayaanika, nayo yakakauka kwa saa chache za jua kali. Tani tatu za maganda mabichi huwa tani moja ya chakula cha mifugo. Maji yalitolewa kabla ya hatua nyingine yoyote.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, enzi za mashine za kuzungusha kwa mkono, mzee alimenya nyumbani, maganda yakaangukia kwenye debe, na debe likabebwa hadi kwenye migomba. Mgomba unapenda potasiamu, na ganda la kahawa linayo. Tulipohamia kwenye vituo vya pamoja tulipata ubora wa kahawa unaolingana, jambo jema, lakini maganda ya mamia ya vihamba yakarundikana mahali pamoja, kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwenye kutaka apime kutoka shimo la mwisho la kituo kile hadi kwenye maji.

Kurekebisha kunawezekana kabla ya msimu ujao, na si kwa gharama kubwa. Zibeni mfereji. Wekeni parafujo, na kama fedha haipo, tani 4 ni safari 70 hivi za toroli, kazi ya vijana wachache waliogawana zamu. Jengeni rundo juu ya ardhi, mahali pa juu mbali na mto, chini ya paa, badala ya kulizika shimoni. Kwa tani 4 za maganda yasiyolowa changanyeni karibu tani moja na nusu ya vitu vikavu, kama majani makavu ya migomba au makapi ya kiwanda cha kukoboa, kisha mligeuze kila joto linaposhuka. Kamati ya kituo isiidhinishe shilingi nyingine ya saruji mpaka mfereji ule uwe umefungwa.