Chupa Isiguswe: Kupanua Tangazo la Mraba Liwe Bango

Tangazo la mraba linalotengenezwa kwa ajili ya Instagram huwa la pikseli 1080 kwa 1080. Bango la turubai linalofungwa kando ya barabara mara nyingi huwa na upana mara mbili ya kimo chake, tuseme futi 6 kwa 3. Mfanyabiashara mwenye mraba uliokwisha kukamilika, ambaye hana tena faili lenye matabaka, akiuvuta ili ujaze bango chupa yake inanenepa. Akiukata juu na chini, kifuniko kinaondoka pamoja na namba ya simu. Inabaki njia ya kuongeza picha pembeni, na tangu mwaka 2022, OpenAI walipoiweka kazi hiyo ndani ya DALL-E 2, akili mnemba imekuwa ikiifanya. Photoshop ilipata chombo chake, Generative Expand, mwaka 2023.

Kupanua picha kumekuwa rahisi. Kinachonishughulisha ni namna ya kuhakikisha kwamba bidhaa haikuchorwa upya wakati picha inapanuliwa. Nitachukua mfano wa tangazo la mafuta ya nazi kutoka Kimbiji, kule mwambaoni kusini mwa Kigamboni. Chupa imesimama juu ya meza ya mbao, nyuma yake kuna mchanga na bahari, na chini kabisa umepita ukanda wa kijani wenye bei na namba ya simu. Ukanda una kimo cha pikseli 120, kwa hiyo sehemu iliyo picha hasa ni 1080 kwa 960.

Kabla ya kuwasha modeli yoyote, ukanda ule uondolewe na uwekwe kando. Modeli ikiona maandishi karibu na ukingo huyaendeleza, na matokeo yake ni herufi zisizosomeka, au namba ya simu inayofanana na ya kweli lakini haimpigii mtu yeyote. Rangi moja iliyolala tambarare haihitaji akili mnemba: unachukua rangi ileile na kuichora upya kwa upana wa bango zima, kisha unarudisha maandishi juu yake. Hivyo hivyo kwa fremu nyeupe ambayo watu hupenda kuzungushia tangazo. Ikiachwa, modeli inaelewa kwamba picha imeishia hapo, na pembeni inaanza kuchora ukuta ambao picha imetundikwa. Ikate kwanza. Modeli ipewe kilichopigwa na kamera tu.

Sasa hesabu. Kimo kinabaki palepale, na upana unatoka 1080 kwenda 2160. Pikseli 1080 mpya zinaweza kugawanywa sawasawa kulia na kushoto, lakini bango lenye chupa katikati kabisa huacha nafasi mbili nyembamba zisizotosha maneno. Mimi ningeongeza 360 kushoto na 720 kulia. Chupa inakaa kushoto kidogo ya katikati, na upande wa kulia unapatikana uwanja mpana wa bahari na mchanga ambapo jina la bidhaa litasomeka kwa mbali.

Usiongeze 720 zile kwa mkupuo mmoja. Modeli huchora kwa kutazama kilichopo jirani, na kadiri inavyosogea mbali na picha ya kweli ndivyo inavyobuni zaidi. Hapo ndipo chupa ya pili inapochipuka, au meza inapogeuka kuwa sakafu. Ongeza 360, kagua, kisha 360 nyingine, ukiipa kila mara kipande cha zamani chenye upana wa 720, yaani mara mbili ya kile inachotakiwa kujaza. Namba 360 nimeichagua pia kwa sababu inagawanyika kwa 8, na sababu ya hiyo 8 itaonekana hivi punde.

Maelezo unayoiandikia modeli nayo huharibu kazi nyingi. Mtu anaandika anachokiona katika tangazo lote: chupa ya mafuta ya nazi juu ya meza, ufukweni. Lakini modeli inajaza pembeni tu, na pembeni hakuna chupa. Umeiomba chupa, nayo itakuletea. Andika kile kinachotakiwa katika sehemu mpya peke yake: ubao wa meza unaoendelea, mchanga mweupe, bahari tulivu, anga ya mchana. Katika Photoshop unaweza kuliacha sanduku la maelezo tupu kabisa, na kwa mandhari ya namna hii mara nyingi hilo ndilo jibu bora.

Sasa tufike kwenye kiini. Modeli za jamii ya Stable Diffusion hazifanyi kazi juu ya pikseli zenyewe. Kwanza picha inabanwa: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8, wenye namba 192 za rangi, unageuzwa kuwa namba 4 katika matoleo ya kwanza na hata SDXL. Kazi ya kujaza inafanyika katika umbo hilo lililobanwa, kisha picha nzima inafunguliwa tena. Picha nzima, pamoja na sehemu uliyoikinga kwa maski. Kwa mchanga na anga hutaona tofauti. Kwa lebo ya chupa utaiona: "250 ml" iliyoandikwa kwa herufi ndogo inavimba, mistari ya alama ya ubora ya TBS inashikana, tarehe ya mwisho wa matumizi inakuwa vidoti. Hakuna aliyeiagiza modeli ichore chupa upya, lakini chupa imepita katika kinu na kutoka imebadilika. Tangazo linaloonyesha ujazo au alama isiyosomeka sawasawa ni tangazo linalosema uongo juu ya bidhaa, hata kama mwenye duka hakukusudia.

Dawa yake ni moja: baada ya modeli kumaliza, picha ya asili irudishwe juu, mahali pake palepale. Generative Expand inalifanya hili kwa namna yake, kwa sababu huweka kilichochorwa katika tabaka jipya na tabaka lako la awali linabaki. Ukitumia ComfyUI, hakuna atakayekufanyia. Nodi ya `Pad Image for Outpainting` inaongeza nafasi tupu ya kijivu na kutengeneza maski, `VAE Encode (for Inpainting)` inaibana, `KSampler` inachora, `VAE Decode` inafungua, na watu wengi wanaishia hapo na kuhifadhi. Ongeza `ImageCompositeMasked` mwishoni, uilishe picha ya asili, ibandikwe juu ya matokeo. Ukiona sehemu mpya ina ukungu wa kijivu, angalia `denoise` katika `KSampler`. Kwa njia hii ya kubana inatakiwa iwe 1.0, kwa kuwa ikishuka, ile kijivu ya mwanzo inavuja.

Kubandika kavukavu huacha mshono, mstari wima unaoonekana pale asili inapokutana na jipya. Kwa hiyo ukingo wa asili unalainishwa ufifie ndani ya pikseli kama 40 za mwisho, kiasi ambacho nodi ile ya kwanza imewekewa tangu kutengenezwa kwake. Kumbuka kwamba ulainishaji huu unakula ndani ya picha ya asili. Katika mfano wetu chupa inaanzia pikseli ya 340 kutoka ukingo wa kushoto, hivyo iko salama. Bidhaa iliyogusa ukingo wa mraba, au iliyokatwa nao, haifai kwa kazi hii hata kidogo: hapo modeli italazimika kubuni nusu ya bidhaa iliyobaki.

Halafu kuna uthibitisho, na huu usifanywe kwa macho. Chupa yetu imo ndani ya mstatili wa 400 kwa 800, unaoanza 340 kutoka kushoto na 120 kutoka juu. Katika bango, kwa kuwa tumeongeza 360 kushoto, mstatili uleule unaanzia 700. Kata vipande viwili na uvilinganishe kwa ImageMagick:

```
magick asili.png -crop 400x800+340+120 +repage a.png
magick bango.png -crop 400x800+700+120 +repage b.png
magick compare -metric AE a.png b.png null:
```

Ikijibu 0, pikseli zote 320,000 ni zilezile. Jibu lolote jingine maana yake chupa imeguswa. Asiye na ImageMagick aweke tabaka la asili juu ya bango, abadilishe hali yake kuwa `Difference`, na chupa yote itakuwa nyeusi tii kama haijabadilika. Mafaili yawe PNG tangu mwanzo hadi hapa, kwa sababu kila ukihifadhi JPEG pikseli zinabadilika kidogo na kipimo kinapoteza maana.

Chupa ikishapona, kagua kilichobuniwa. Mstari wa upeo wa bahari ndio wa kwanza. Kamera ikiwa ilishikwa imelala kwa nyuzi 1 tu, ndani ya mraba hakuna anayegundua, lakini katika upana wa 2160 mwisho mmoja wa bahari unapishana na mwingine kwa karibu pikseli 38, na bahari inaonekana inamwagika. Nyoosha picha kabla ya kuanza.

Cha pili ni jua. Ufukwe wa Kimbiji unatazama mashariki. Kama bahari iko nyuma ya chupa na kivuli cha chupa kinaelekea baharini, basi picha ilipigwa alasiri, jua likiwa upande wa nchi kavu. Modeli hupenda sana kuweka jua la machungwa linalozama baharini. Mtu wa Kigamboni ataliona bango hilo na kujua papo hapo kwamba si kwao. Vyombo vya majini pia havistahili kuombwa. Ngalawa ina mirengu miwili, mmoja kila upande, na mara nyingi modeli huleta mashua ya nchi nyingine au ngalawa yenye mrengu mmoja. Mchanga, maji na anga vinatosha.

Hatua ya kukuza picha ndiyo inayoweza kubomoa yote yaliyolindwa. Pikseli 2160 zikitandazwa katika futi 6 ni pikseli 30 kwa inchi, kidogo mno kwa lebo ya chupa. Ili kufikia 72 kwa inchi inahitajika picha ya 5184 kwa 2592, yaani mara 2.4. Hapo wengi hukimbilia kikuzaji cha akili mnemba, na kikuzaji hicho huchora lebo upya, herufi kwa herufi, kwa kubahatisha. Kitumie kwa mandhari mapya tu. Chupa ikuzwe kwa njia ya kawaida, `Lanczos` au `Bicubic`, ambayo itailegeza kidogo lakini haitabuni kitu. Kama picha ya kamera ya chupa ileile bado ipo katika simu ya mwenye bidhaa, iombe, na itumwe kama hati, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha inaibana. Ikate chupa humo na uiweke juu ya ile ya zamani, ukubwa na mahali palepale.

Bei, namba ya simu na jina viandikwe mwisho kabisa, kwa fonti, juu ya faili lililokwisha kukuzwa. Acha inchi 2 kila upande bila maandishi, maana mchapaji atakunja kingo za turubai na kutoboa matundu ya kamba.