Hofu Isiyo na Futi ya Kuipimia

Tarehe 9 Desemba 1898, karibu na Mto Tsavo, mhandisi J. H. Patterson alimpiga risasi simba wa kwanza kati ya wawili waliokuwa wakiwala vibarua wa reli ya Uganda. Walihitajika wanaume wanane kumbeba hadi kambini. Alipopimwa kuanzia puani hadi ncha ya mkia, alikaribia mita tatu. Tarehe 29 mwezi huohuo, yule wa pili naye akaangushwa. Vibarua waliokuwa wamekimbia wakarejea kazini, na mapema mwaka uliofuata daraja walilokuwa wakilijenga juu ya mto huo likakamilika.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, Patterson anasimulia kwamba kabla ya simba hao kuuawa vibarua walimweleza kuwa hawa si simba hata kidogo. Walikuwa roho za wazee wawili watawala wa zamani wa nchi ile, waliochukizwa na reli kupita kwao. Anaeleza pia jambo ambalo kila mwandishi wa hadithi za kutisha angefaa alikariri: ngurumo za mbali hazikuwa ndizo zilizovunja watu moyo zaidi. Zilipokatika ghafla, kila kambi ilijua kwamba simba wamefika na sasa wananyatia, ila hakuna aliyejua hema la nani.

Leo simba hao wamejazwa na kusimamishwa nyuma ya kioo katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Mtu huwatazama, akasoma kibao, akaenda zake. Hatima ya kila zimwi linaloonekana ni hiyo. Likishapata mwili limepata urefu, na likishapata urefu limepata mahali pa kulengwa risasi. Hofu ya Tsavo ilikuwa kubwa kuliko simba wenyewe kwa sababu kwa muda wa miezi ilikaa mahali ambapo futi ya kupimia haifiki. Ninaandika kuisifu sanaa iliyojifunza kukaa hapohapo bila kutoka: hadithi za hofu ya ulimwengu, zile ambazo kinachoogopwa ni cha kale kuliko binadamu, hakionekani, na kinachovunjika mwishoni ni akili ya aliyekikaribia.

Kuna jirani wa karibu wa hadithi hizi ambaye ni lazima tumtenge kwanza, nao ni mzimu. Ukambani, wazee waliotangulia, aimu, wanajulikana. Hutiliwa tone la kinywaji chini, hutolewa sadaka kwenye ithembo chini ya miti isiyokatwa, na wakikasirika huwa na sababu: umesahau jina, umevunja mwiko, umepita na reli bila kuomba ruhusa. Wanatisha, lakini wanatutisha kama jamaa. Wanajua wewe ni mtoto wa nani. Hata wale vibarua wa Tsavo, walipoyataja majina ya hasira na utawala, walikuwa tayari wamejipunguzia mzigo, kwa kuwa mwenye hasira anaweza kuombwa radhi.

Jirani wa pili ni hadithi ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na jina lile linaahidi hofu kubwa. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wake, ni mtu wa hoja. Anafuata alama hadi anapokuta mkono wa binadamu. Furaha ya hadithi ile, nayo ni furaha ya haki, ni kuona giza likigeuka kuwa maelezo.

Hofu ya ulimwengu inakataa yote mawili. Haikubali sadaka wala maelezo. Kilichoko nyuma yake hakitukasirikii, kwa kuwa hakijui kama tupo. Ndiyo maana hadithi ikimfanya mwizi wa mali ya yatima ndiye anayemezwa, tayari imeiacha sanaa hii na kuingia katika mawaidha. Adhabu ni faraja. Inatuambia kwamba kuna anayetuangalia.

Kibwezi ni mahali pa kulielewa jambo hili kwa miguu. Ukishuka kwenye Barabara ya Mombasa baada ya Makindu, unakuta mibuyu, mawe meusi yenye matundu, na msitu mbichi katikati ya ukame. Msitu huo umeota juu ya mtiririko wa lava. Milima ya Chyulu, iliyo juu yake, haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ikinyesha kule, jiwe huinywa yote, na maji husafiri gizani chini ya ardhi hadi yatokeze Umani hapa Kibwezi, na Mzima upande wa Tsavo. Mtu anachota ndoo ya maji ambayo njia yake hakuna aliyeiona.

Milima yenyewe ilianza kujengwa na moto zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na mara ya mwisho moto huo ulitoka katikati ya karne ya 19, juzi tu. Mtiririko mmoja wa wakati huo, upande wa Tsavo Magharibi, mpaka leo unaitwa Shetani. Ndani ya Chyulu kuna pango la Leviathan, lenye zaidi ya kilomita 11 za njia. Pango la aina hii hutokea pale lava ya juu inapopoa na kuwa ganda, huku ile ya ndani ikiendelea kutiririka hadi inaondoka yote. Fikiria maana yake. Unapotembea humo hutembei ndani ya jiwe lililochimbwa. Unatembea katika njia ya kitu kilichopita, na huenda kilipopita hakukuwa na mtu wa kukipa jina.

Bingwa wa sanaa hii, H. P. Lovecraft wa Providence, Marekani, alizaliwa mwaka 1890 na kufa mwaka 1937. Hadithi yake inayotajwa kuliko zote, ile ya Cthulhu, aliiandika mwaka 1926 na ikachapishwa katika jarida la Weird Tales mwaka 1928. Msimulizi wake haoni chochote kwa macho yake. Anapanga makaratasi ya babu mdogo wake, profesa aliyefariki. Anakuta kibao cha udongo chenye umbo la ajabu, kisha maelezo ya askari aliyevamia ibada katika vinamasi, kisha kipande cha gazeti la Australia kilichotandikwa chini ya mawe kwenye rafu ya makumbusho, na mwisho daftari la baharia. Kila karatasi ni ya kawaida ikiwa peke yake. Hofu inazaliwa katika kuzilinganisha, na anayezilinganisha ni sisi wasomaji. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu msimulizi kwamba ametudanganya.

Hadithi hiyohiyo inaonyesha pia mpaka wa sanaa. Katika mji uliozuka baharini, baharia mmoja anateleza na kumezwa na pembe ya jengo, pembe iliyoonekana nyembamba ikatenda kama iliyo pana. Sentensi hiyo moja inatikisa hesabu yote tuliyofundishwa shuleni. Lakini kiumbe chenyewe kimekwisha kutoka, na aya chache mbele meli inakigonga kichwani, kinapasuka na kujiunga tena. Hapo nafasi ya hofu inachukuliwa na pigano. Tumerudi Tsavo tukiwa na bunduki.

Yapo pia ya kuyaacha kwake bila kusitasita. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, na ubaguzi huo haukai pembeni ya kazi yake: mara nyingi waabudu wa vitu vya kutisha ni watu weusi au machotara, kana kwamba ngozi zetu ni sehemu ya giza. Huo ni udhaifu wa sanaa pamoja na kuwa uovu, maana unaipa hofu sura ya jirani, ilhali nguvu ya hofu hii ni kutokuwa na sura.

Sasa tuijaribu kazi yenyewe hapa Kibwezi. Tuseme mpima ardhi ametumwa kupima pango dogo la Chyulu. Ni mtu makini, ana kamba, utepe na daftari, na kurasa za kwanza zimejaa mambo ya kweli: joto, popo, upana wa mlango. Anapima kwenda ndani, mita 412. Anapima kurudi, 409. Anadhani utepe umelegea, kama ambavyo mimi na wewe tungedhani. Kesho anarudia na msaidizi: kwenda 412, kurudi 403. Msaidizi anasaini. Hakuna sauti wala macho gizani, na hakuna mfupa. Tuna hesabu ya kutoa tu, na inatuambia kwamba njia ya kutoka inafupika kuliko ya kuingia. Kila msomaji anaweza kuirudia kwa kalamu, na kadiri anavyoirudia ndivyo inavyomkaa.

Mwandishi mchanga atamalizia hapa kwa kuandika kwamba mpima alipata wazimu. Neno hilo halitishi, na linawadhulumu wanaougua kweli, ambao ni watu na si vitisho. Akili inayoshindwa lazima ionekane katika maandishi yake. Mpima anarudi nyumbani. Daftari linaendelea, mwandiko uleule nadhifu. Anapima kutoka kitandani hadi mlangoni: mita 4 na sentimita 10. Kutoka mlangoni hadi kitandani: mita 4 na sentimita 8. Mkewe anachukua utepe, anapata 4.10 pande zote mbili, na anamwambia kwa upole, "Baba Mwende, nyumba ni ileile." Yeye anaandika kipimo cha mkewe pia, kwa uaminifu, na pembeni anaongeza kwamba mkewe alipima wakati wa kuingia tu.

Hapo ndipo msomaji anapokosa pa kusimama. Ama pango limemfuata mtu, ama kifaa cha mwisho tulichokiamini, yaani akili ya mtu makini, kimepinda, na hakuna kipimo cha nje kitakachoamua. Hii ndiyo sababu akili inayodhoofika inatisha kuliko meno. Simba anakula mwili na kukuachia uhakika kwamba ni simba. Hofu hii inaacha mwili mzima na kuchukua uhakika. Euphrase Kezilahabi aliifahamu njia hii: katika riwaya za Nagona na Mzingile, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwaondolea wasomaji mwelekeo na wakati hadi wakashuku macho yao wenyewe, bila kuhitaji zimwi hata moja.

Kazi kama hii hubebwa na ukweli. Kadiri mawe, maji na vipimo vinavyokuwa sahihi, ndivyo kosa la mita tatu linavyouma. Ndiyo maana ninaamini mwandishi wa Kibwezi ana mtaji mkubwa kuliko aliyeketi Providence, kwa kuwa hahitaji kubuni mji chini ya bahari. Ana mlima unaokunywa mvua yake yote na chemchemi zisizoonyesha zilikotoka. Anachohitaji ni subira ya kuvipima vizuri, na ujasiri wa kukataa, msomaji akimwuliza ni nini kilichopita humo, kumjibu.