Jamani, Mchele wa Tandika!

Jamani, shoga yangu kafungua duka! La mchele, mchele mtupu, chumba kimoja pale Tandika chenye mlango wa kijani. Nilikwenda kumpa hongera tu, nikatoka na kilo 5 begani bila kupanga.

Kilichonimaliza ni mabeseni mawili ya mbele. Yote ni Kyela, ila moja kaliandikia MPYA na la pili WA MWAKA JANA. Nani anakuambia hivyo siku hizi? Mchele mpya bado una unyevu, kwa hiyo unanukia hadi mlangoni, lakini ukiutilia maji mengi unagandana. Wa zamani harufu yake imepungua, ila unakunywa maji, unavimba, punje zinaachana. Pilau yako ya sikukuu iko kwenye beseni la pili! Wali wa nazi wa nyumbani, nenda la kwanza na upunguze maji kidogo.

Halafu akanimwagia kiganjani mchele uliochanganywa, alioununua kwingine makusudi ili wateja waone. Nikauinamia mlangoni kwenye mwanga: punje ndefu na fupi pamoja, nyingine zina weupe kama chaki tumboni. Mchele wa hivyo ukiupika, nusu umeiva na nusu una kiini. Anayeuza wa kwake huku anakufundisha kumkagua, huyo nampigia vigelegele!

Nikamuuliza faida iko wapi, akafungua daftari. Gunia la kilo 100 kalinunua kwa 250,000, usafiri 10,000. Kalichekecha: chenga kilo 8, pumba na vijiwe kilo 1, ukabaki mchele safi kilo 91. Akiuza kilo moja kwa 3,000 anapata jumla ya 273,000, na chenga kwa 1,800 zinaongeza 14,400. Kwa hiyo gunia zima linamwachia 27,400, kabla ya kodi ya chumba na mifuko. Nilishtuka, shoga! Mteja akiomba apunguziwe 300 kwa kila kilo, faida karibu yote imekwenda. Ndiyo maana chenga hatupi. Mama wa vitumbua wa jirani anazichukua zote.

Kasoro? Taa ni hafifu, na mchele unachaguliwa kwa macho, kwa hiyo nendeni mchana. Na lile gunia la kona ya nyuma lilikuwa limekaa juu ya saruji. Sakafu inapandisha unyevu, mchele wa chini unapata ukungu kabla wa juu haujaisha. Nilimsema papo hapo, tukaliinua wawili tukalipandisha juu ya mbao kama wenzake.

Mizani yake inamtazama mteja, nimeipenda hiyo. Kukopesha hakopeshi, msijaribu hata kama mnatoka mtaa mmoja. Ukiomba mchele wa pilau, atakuuliza kwanza sufuria yako ina ukubwa gani na unapikia mkaa au gesi, ndipo ashike koleo.