Maoni ya Modeli, Alama za Mwalimu

Ukiipa modeli ya lugha insha ya kidato cha nne na kuiambia tu "sahihisha", itakuandikia maoni yanayosomeka vizuri. Rudia na insha ileile, nayo itakuja na mengine: kwanza tatizo lilikuwa aya, sasa ni msamiati. Kuteremsha `temperature` hadi 0 hupunguza kuyumba huko, ila hakugusi chanzo, kwani modeli bado haijui itafute nini.

Insha ya KCSE yenye alama 20 hupimwa kwa viwango vinne: D (1–5), C (6–10), B (11–15) na A (16–20). Walimu huelewana juu ya mpaka wa C na B kwa sababu wamesahihisha insha za mfano pamoja, wakabishana. Modeli haikuwepo. Ndiyo maana tuliiuliza modeli kuhusu kila kigezo peke yake, yaani hijai, sarufi, mtindo na maudhui, na chini ya kila kimoja tukaweka kipande cha C na kipande cha B vilivyokwisha kusahihishwa, pamoja na sababu za mwalimu. Kisha tukadai kila dai liambatane na maneno ya mwanafunzi mwenyewe, na programu iyatafute ndani ya insha:

```python
if nukuu not in insha:
    kataa(maoni)
```

Ukaguzi huu hunasa nukuu za kubuni, lakini una upofu wake. Mwanafunzi aliandika kwa mkono: "Ngombe wetu zilikufa zote kwa ukame." Hapo pana kosa la hijai na la upatanisho wa kisarufi. Tulipoipa modeli picha ya karatasi iinakili, ilituletea "Ng'ombe wetu walikufa wote kwa ukame". Ilikuwa imesahihisha kimyakimya. Maoni yakasifu sarufi, na nukuu ikapita bila shida, maana ililinganishwa na nakala iliyokwisha kusafishwa. Tangu hapo insha huchapwa na mtu aliyeagizwa aache makosa yalivyo. Inachosha, lakini sijaona njia ya mkato ninayoiamini.

Uthabiti tuliupima kwa kupitisha insha moja mara tatu. Hijai haikusumbua, mtindo ndio ulioyumba. Kigezo kilisema "lugha ya kuvutia", maneno ambayo hata walimu wawili hawayasomi sawa. Tulipoandika "methali au tashbihi inayolingana na tukio linalosimuliwa", majibu yalikaribiana. Maoni yakitofautiana, kagua kwanza mwongozo wako kabla ya kuilaumu modeli.

Modeli haiulizwi alama kabisa. Hupenda kukaa katikati na kuzawadia urefu, na mwalimu akishaiona namba, mkono wake huvutwa kuelekea hapo. Kwa hiyo yeye husoma karatasi, huandika alama, ndipo hufungua maoni. Akiona yanapingana na alama yake, huisoma insha upya na kuamua mwenyewe. Shule inayotaka kuanza ianze na kigezo kimoja tu, na hijai ndiyo rahisi kuliko vyote.