Kopo Lenye Kingo Tatu

Niliwapa wanafunzi wa Darasa la Tatu boksi la chaki wahesabu kingo zake. Karatasi zikarudi na majibu matatu: 12, 9 na 24. Jibu sahihi ni 12, lakini 9 na 24 hazikuwa za kubahatisha. Kila moja inaonyesha mtoto alihesabia wapi.

Aliyeandika 9 hakuligusa boksi. Alihesabu mchoro niliouweka juu ya karatasi ya kazi. Boksi likichorwa bila mistari ya vitone huonyesha nyuso 3, kingo 9 na vipeo 7, na zilizobaki hujificha nyuma. Kosa hilo lilikuwa langu. Aliyeandika 24 alilishika boksi kwelikweli: alipita uso mmoja baada ya mwingine, kila uso akaukuta na kingo 4, na nyuso 6 zikampa 24. Ila ukingo ni mahali nyuso mbili zinapokutana, kwa hiyo kila mmoja aliuhesabu mara mbili. Huyo anahitaji neno moja tu ili afike kwenye 12.

Mara ya pili niliuondoa mchoro. Kila kikundi kilipata kipande cha chaki ya rangi, na sharti likawa kwamba ukingo ukishahesabiwa unapakwa rangi. Wakaanza na 4 za juu, wakaja 4 za chini, kisha 4 zilizosimama. Maboksi niliyafunga kwa gundi ya karatasi, kwa sababu boksi lisilo na kifuniko lina nyuso 5, na mtoto anayeandika 5 hapo anasema kweli.

Kopo ndilo lililonilazimu kuiandika karatasi upya. Niliuliza tu, "Lina nyuso ngapi?" Wengine wakajibu 2, wengine 3. Waliosema 2 walihesabu sehemu bapa, juu na chini. Waliosema 3 waliongeza ule uso unaozunguka. Swali halikuwa wazi, basi nikaligawa: nyuso bapa ngapi, nyuso zilizopinda ngapi. Kopo likapata bapa 2 na uliopinda 1, kingo 2, vipeo 0. Mpira ukapata uso uliopinda 1, na kwingine kote sifuri.

Hata hivyo msichana mmoja aliandika kingo 3. Nilipomuuliza, alipitisha kidole ubavuni mwa kopo akanionyesha mstari wa kiungio, pale bati lilipounganishwa. Alikuwa amechunguza kuliko wenzake wote. Tulichukua kopo jingine lenye upana wa sentimita 7, tukabandua karatasi yake ya nje. Ilipotandazwa mezani ikawa mstatili wa urefu wa sentimita 22 hivi. Hapo darasa likaona kwamba ule uso uliopinda ni mstatili uliokunjwa, na kiungio ni pale ncha zake mbili zilipokutana. Nikamwambia apitishe kidole tena, taratibu. Kwenye mdomo wa kopo kidole kinageuka na kuingia uso mwingine. Kwenye kiungio kinaruka kituta kidogo na kuendelea juu ya uso uleule. Kwa hiyo kiungio ni alama ya fundi wa bati, na umbo lenyewe, yaani mche duara, lina kingo 2.

Swali la kubingirika nalo liliponzwa na "ndiyo" na "hapana". Tuliegemeza ubao juu ya vitabu viwili. Mpira ulibingirika kwa namna yoyote ulivyowekwa. Kopo lililosimamishwa lilitulia. Likilazwa kukingama mteremko lilibingirika hadi sakafuni, na likilazwa sambamba na mteremko halikubingirika. Sasa karatasi inauliza, "Linabingirika likiwekwaje?" na mtoto anachora kimshale. Boksi lilitulia. Tulipoinua ubao zaidi liliteleza, na kikundi kimoja kiliandika kwamba limebingirika. Niliwaambia wachore alama ya chaki juu ya umbo: kinachobingirika, alama yake huenda chini na kurudi juu, lakini kinachoteleza, alama yake hubaki juu muda wote.

Kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana na kitako chembamba nilikiweka mwisho. Kilizunguka kwa kupinda kikatoka kando ya ubao, kwa kuwa mdomo husafiri mbali zaidi ya kitako katika kila mzunguko mmoja. Kisiwekwe kwenye kundi la miche duara, ingawa nacho kina nyuso bapa 2 (ukikifunika mdomo), uliopinda 1 na kingo 2. Hesabu za karatasi pekee haziwezi kukitofautisha na kopo. Ubao unaweza.

Mwalimu utakayejaribu somo hili, tumia makopo ambayo hayajafunguliwa, au uzibe midomo yake kwa gundi ya karatasi kabla watoto hawajapitisha vidole.