Emoji na Ahadi ya Wakili: Uhakiki wa Maelezo ya Picha Mtandaoni

Ofisi ya mawakili inapoweka emoji nyingi katika maelezo ya picha kwenye ukurasa wake, lawama ya kawaida ni kwamba imekosa staha. Lawama hiyo huzihesabu emoji bila kuzisoma. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kinachopaswa kupimwa ni kazi ya kila emoji katika kauli, si idadi yake.

Dresner na Herring (2010) walionyesha kuwa alama za nyuso zinazoundwa kwa vituo vya uandishi hazidokezi hisia tu. Huweza pia kuashiria nia ya msemaji, yaani kitendo anachokitenda kwa kauli yake. Hoja hiyo yahusu emoji pia. Tuchukue mfano huu, tuliouunda kwa ajili ya uchambuzi:

"Mirathi imekwama? 😭😭 Usihofu, tupo! 💪🔥 Tutaipigania haki yako 💯💰 Wasiliana nasi 📞"

Alama ya 📞 hurudia tu kilichokwisha kusemwa, hivyo haina madhara. 😭 ina utata: miongoni mwa vijana wengi huashiria kicheko, ilhali msomaji wa tangazo la mirathi huenda ni mfiwa. Hapo rejesta mbili zinagongana, na anayeumia ni mteja mwenyewe.

Tatizo kubwa zaidi limo katika 💯💰. Maneno "tutaipigania haki yako" yamechaguliwa kwa uangalifu: yanaahidi juhudi, hayaahidi matokeo, kwa kuwa hukumu si ya wakili kuitoa. Emoji hizo mbili zinaivunja tahadhari hiyo. Ya kwanza yaweza kusomwa kama hakikisho la ushindi. Ya pili yaifasiri haki kuwa fedha. Wakili amesema kwa picha asichothubutu kukiandika.

Huenda ikadaiwa kuwa hayo ni mapambo yasiyo na uzito. Mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kinyume katika mazingira ya mkataba: alama ya 👍 aliyoituma mkulima, baada ya kupokea kwa simu picha ya mkataba wa kuuza mbegu za kitani na ombi la kuuthibitisha, ilihesabiwa kuwa ridhaa na saini yake. Tangazo si mkataba, lakini ni vigumu kwa mwanasheria kushikilia kwamba emoji haisemi kitu.

Kipimo tunachokipendekeza ni kuigeuza kila emoji kuwa sentensi. Ikiwa wakili angekubali kuitia saini sentensi hiyo, emoji na ibaki. 🎉 katika pongezi kwa wakili mpya aliyeapishwa hukipita kipimo hiki hata ikirudiwa mara tatu. 💯 Moja katika tangazo la mirathi hushindwa.