Orodha, uamuzi, urejeshaji: ushahidi wa usalama wa taarifa katika hospitali ya wilaya

Hospitali za Wilaya ya Kasese zina mambo mawili yanayoufanya ukaguzi wa usalama wa taarifa uwe mgumu. La kwanza ni watu kuja na kuondoka. Kagando, pale Kisinga, ina shule ya uuguzi na ukunga. Bwera iko karibu na mpaka wa Kongo, na Ebola ilipovuka Juni 2019 timu za dharura zilimiminika katika eneo hilo. La pili ni maji. Mto Nyamwamba uliivamia Hospitali ya Kilembe Mei 2013, ukairudia Mei 2020 na kuiharibu vibaya. Kila mtu anayekuja anaweza kufunguliwa akaunti, na kila mto unaofurika unaweza kuchukua seva pamoja na nakala zake.

Kiwango cha ISO/IEC 27001 cha mwaka 2022 kinayagusa mambo hayo katika vidhibiti viwili vya Kiambatisho A. Kidhibiti 5.18 kinahusu haki za kuingia kwenye mifumo: zitolewe, zipitiwe, zibadilishwe na ziondolewe. Kidhibiti 8.13 kinahusu nakala rudufu, nacho kinataka zitunzwe na pia zijaribiwe. Hapa nachambua jinsi ushahidi wa vidhibiti hivyo unavyokusanywa. Nachukua hospitali ya mfano inayotumia UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS na unaohifadhi data katika MySQL. Hospitali hiyo na namba zake ni za mfano. Mfumo ndio wa kweli.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulisoma vibaya. Kiwango hakisemi haki zipitiwe kila robo mwaka. Muda huo hospitali inajiwekea yenyewe katika sera yake, na ikishauandika, mkaguzi ataipima kwa neno lake. Sera ikisema kila mwezi ilhali wewe umepitia mara mbili kwa mwaka, umejiandikia kasoro kwa mkono wako. Kwa hospitali yenye maofisa wawili wa TEHAMA, robo mwaka inatosha, mradi akaunti za wanafunzi na watumishi wa muda zifungwe siku wanapoondoka bila kungoja mapitio.

Ushahidi wa mapitio huanza na orodha kamili ya akaunti, na orodha hiyo itoke kwenye mfumo wenyewe. Jedwali ambalo ofisa huliongezea majina kila anapokumbuka halina uzito, kwa sababu akaunti ya hatari ndiyo hiyo ambayo hakuna anayeikumbuka. Katika OpenMRS amri ni fupi:

```sql
SELECT u.user_id, u.system_id, u.username,
       r.role, u.date_created
FROM users u
LEFT JOIN user_role r ON r.user_id = u.user_id
WHERE u.retired = 0
ORDER BY u.user_id;
```

Neno `LEFT JOIN` lina kazi yake: bila hilo, akaunti isiyo na jukumu lolote haitaonekana kabisa. Safu ya `system_id` nayo ni ya lazima, kwani akaunti ya msimamizi inayokuja na mfumo hujulikana kwa jina `admin` katika safu hiyo, na `username` yake inaweza kuwa tupu. Anayechapisha `username` peke yake anaweza kuipita akaunti yenye nguvu kuliko zote. Pamoja na matokeo, hifadhi amri yenyewe, tarehe na saa, na jina la aliyeiendesha. Mkaguzi akiuliza umejuaje kwamba orodha haijapunguzwa, atarudia amri hiyo mbele yako na kulinganisha.

Mtego mwingine uko kwenye majukumu. Katika OpenMRS jukumu moja linaweza kurithi jingine, na urithi huo umo katika jedwali la `role_role`, nje ya `user_role`. Karani anaweza kuonekana ana jukumu moja dogo, kumbe limebeba mengine matatu. Kwa hiyo orodha ya watumiaji iambatane na picha ya urithi huo. Tena, yeyote mwenye jukumu la `System Developer` atazamwe peke yake, maana hilo ndilo jukumu lisilo na mipaka.

Sasa tuseme tarehe 30 Juni hospitali yetu ina akaunti hai 96. Idara ya utumishi inaleta orodha yake ya malipo, na majina 81 yanalingana. Akaunti 15 hazina mwenyewe katika orodha hiyo. Kazi ya siku hiyo imo humo. Tisa ni za wanafunzi waliomaliza mafunzo kwa vitendo, mbili za wauguzi waliohamishwa, moja ya fundi wa kampuni inayohudumia mfumo, mbili za mfumo wenyewe, yaani `admin` na `daemon`, na moja haijulikani ni ya nani.

Anayeamua ni mkuu wa idara, kwa sababu ndiye anayejua nani anafanya kazi gani. Ofisa wa TEHAMA akijiamulia kisha akatekeleza mwenyewe, mkaguzi ataona mtu mmoja aliyejitazama. Mkuu huyo aandike neno kwa kila mstari: baki, punguza au funga, pamoja na sababu. Sahihi moja chini ya kurasa nne haionyeshi kama alizisoma. Katika mfano wetu akaunti 12 zinafungwa: za wanafunzi, za waliohamishwa, na ile isiyo na mwenyewe. Ya fundi inabaki kwa barua inayotaja mwisho wa mkataba wake. Mbili za mfumo zinabaki, kila moja ikiwa na mhusika aliyetajwa kwa jina. Amri ikirudiwa baada ya kazi, zinapaswa kubaki 84.

Lakini hesabu ikikubali, kazi haijaisha. Miongoni mwa wale 81 kuna muuguzi aliyehamia duka la dawa kutoka maabara na bado ana jukumu la maabara. Jina lake ni halali, yumo kwenye malipo, namba haimtaji. Mapitio yanayolinganisha majina peke yake humkosa kila robo, na mkaguzi mzoefu humtafuta huyu kwanza: huomba idara ya utumishi impe waliobadilisha kitengo, achague wawili au watatu, kisha afungue akaunti zao.

Kwa kawaida OpenMRS haifuti akaunti. Huistaafisha, na kuandika katika jedwali la `users` nani aliifanya kazi hiyo (`retired_by`), lini (`date_retired`) na kwa nini (`retire_reason`). Huu ni ushahidi mzuri kuliko karatasi yoyote, na unaweza kukusema vibaya pia. Ikiwa mwanafunzi aliondoka Aprili na `date_retired` inasema 2 Julai, mlango ulikuwa wazi miezi miwili na zaidi. Usijaribu kuficha pengo hilo. Liandikwe kama kasoro iliyoonekana na mapitio yenyewe, pamoja na hatua iliyochukuliwa, kwa mfano shule kupeleka orodha ya wanaoondoka siku ya mwisho ya mafunzo. Mapitio yaliyogundua kitu na kukirekebisha huaminika kuliko mapitio manne mfululizo yasiyogundua chochote.

Upande wa nakala rudufu, ushahidi ambao hospitali nyingi hukimbilia kuuonyesha ni orodha ya usiku uliofanikiwa. Orodha hiyo mara nyingi hudanganya bila mtu kukusudia. Amri ya kawaida huipitisha `mysqldump` kwenye `gzip`. Bila maelekezo mengine, ganda la Linux huripoti matokeo ya amri ya mwisho tu, yaani `gzip`. Hifadhidata ikikataa nywila, `gzip` itabana kitu kitupu na kuripoti mafanikio. Dawa yake ni mstari mmoja wa mwanzo:

```bash
#!/bin/bash
set -o pipefail
F=/backup/openmrs-$(date +%F).sql.gz
mysqldump --single-transaction openmrs | gzip > "$F"
echo "exit=$?"
zcat "$F" | tail -n 1
sha256sum "$F"
```

Mstari wa `zcat` unatazama mwisho wa faili. `mysqldump` ikimaliza salama huandika `-- Dump completed on` na tarehe. Maneno hayo yakikosekana, nakala imekatika njiani, pengine kwa sababu diski ilijaa. Matokeo ya mistari hiyo mitatu ya mwisho yakihifadhiwa kila usiku, una kumbukumbu yenye maana. Na kama umeme hukatika usiku, kumbuka kwamba `cron` hairudii kazi iliyopita wakati mashine imezima. Hakutakuwa na ujumbe wa kosa, kutakuwa na usiku usio na mstari. Hesabu usiku wa mwezi mzima na utafute uliokosekana kabla mkaguzi hajautafuta.

Hata hivyo nakala isiyowahi kurejeshwa ni dhana. Jaribio la urejeshaji hufanywa kwenye mashine nyingine iliyotengwa, na anayelifanya achukue nakala iliyokaa nje ya hospitali, maana ndiyo itakayobaki siku ya mafuriko. Kilembe imeonyesha mara mbili kwamba nakala iliyo katika jengo lile lile, au ng'ambo ya pili ya mto ule ule, si nakala ya pili. Aandike saa ya kuanza na ya kumaliza, alama ya `sha256sum` ikilinganishwa na ile ya usiku ule, idadi ya mistari katika majedwali ya `patient` na `encounter`, na tarehe mpya kabisa ya `date_created` katika `encounter`. Tarehe hiyo ndiyo inayosema hospitali ingepoteza kazi ya saa ngapi. Kisha mtumiaji wa kweli, muuguzi au karani, afungue mfumo uliorejeshwa na athibitishe kwamba anaweza kufanya kazi. Mara nyingi hapa ndipo inapogundulika kwamba picha na hati zilizoambatishwa hazimo, kwa kuwa OpenMRS huweza kuzihifadhi kama faili nje ya hifadhidata, na `mysqldump` haizigusi.

Picha ya skrini inayoonyesha jina la mgonjwa na ugonjwa wake isiingie kabisa kwenye folda ya ushahidi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data binafsi ailinde, na folda ya ukaguzi husomwa na watu wasio na kazi yoyote na mgonjwa huyo. Namba za mistari na saa zinatosha.

Mpangilio wa folda ni jambo dogo: folda moja kwa kila kidhibiti, ndani yake kipindi, na jedwali moja la faharasa lenye tarehe, mhusika, jina la faili na alama yake ya `sha256sum`. Kipimo chake ni hiki: mkaguzi akichagua akaunti moja kati ya zile 12, uweze kumfikisha kutoka orodha ya kwanza hadi neno la mkuu wa idara, hadi `date_retired`, hadi orodha ya pili, bila kumpigia mtu simu. Cheti hudumu miaka mitatu na mkaguzi hurudi kila mwaka, hivyo atachagua pia miezi ambayo hukuitarajia.

Waganga wakuu wa hospitali za Kasese wanaofikiria cheti hiki nawasihi waanze na urejeshaji mmoja kamili kutoka nakala ya nje, ulioshuhudiwa na muuguzi na kuwekewa tarehe, kabla ya kulipa ada yoyote ya ukaguzi.